Skripti ya laivu ya Idi ni duara la dakika saba

*"Dada, nauza madera Kariakoo na kwenye TikTok. Kumi la mwisho la Ramadhani nataka kufanya laivu ya ofa ya Idi. Mara iliyopita niliandika maneno kurasa mbili, nikayamaliza dakika ya kumi na tano, baada ya hapo nikawa nabahatisha. Watu walifika themanini, komenti zilikuwa 'bei? bei? bei?' mpaka mwisho, na nikauza madera matatu tu. Niandike nini ili niongee saa nzima bila kuishiwa, na hizo komenti nizijibu vipi?"*

Mdogo wangu, naamini bei uliitaja, pengine dakika ya pili. Ila aliyekuuliza dakika ya ishirini aliingia dakika ya kumi na tisa, na kwake yeye hukuwahi kuitaja. Watu hawaingii kwenye laivu kama wanavyoingia kwenye khitma, wote wakaketi wakasubiri dua ya mwisho. Wanapita kama wanavyopita Mtaa wa Kongo: anasimama, anashika kitambaa, anauliza, anaendelea na safari. Muuza mitumba aliyepanga mzigo wake chini analijua hilo, ndiyo maana haachi kuimba bei. Wewe uliandika hotuba. Kinachotakiwa ni duara fupi, lenye ofa ndani yake, unaloliimba tena na tena kila mara ukiwa na dera jingine mkononi.

Mimi duara langu ni la dakika saba. Kwa saa nzima linazunguka mara nane. Maana yake unahitaji maneno ya dakika saba tu, yaliyoandikwa vizuri na kuzoeleka mdomoni, na hizo kurasa mbili zako zinatosha na kubaki.

Kabla ya maneno, panga usiku wenyewe, kwa sababu tarehe itaingia kwenye ofa. Kumi la mwisho watu wengi wanautafuta Usiku wa Cheo kwenye witiri: 21, 23, 25, 27, 29. Ukifungua laivu usiku wa 27 utakuwa unashindana na ibada za watu, na hata mnunuzi aliyekupenda atakuona huna adabu. Chukua usiku wa kuamkia 24. Muda uwe baada ya tarawehe: Dar misikiti mingi inakuwa imeshatoka saa tatu usiku na kidogo, mtu afike nyumbani, avue mtandio, ashike simu. Anza saa nne kasorobo. Laivu iishe saa tano kasorobo, na ofa ifungwe saa tano kamili. Zile dakika kumi na tano za mwisho ni za waliochelewa kulipa, nitakueleza.

Faida nyingine ya usiku wa 24 ni mwezi. Ramadhani inaweza kuishia 29 au 30, na wewe hujui hadi uandame. Hesabu zako zote zifanye kwa 29. Mzigo wa mkoani ukiupandisha basi asubuhi ya tarehe 24, hata Mwanza na Bukoba utafika na siku zitabaki za mtu kumpelekea fundi apunguze urefu. Mteja wa mkoani hilo ndilo linalomnyima usingizi, kwa hiyo jibu lake liwe limeshaandikwa.

Sasa sentensi ya ofa. Hii ndiyo sehemu ya kukaa nayo zaidi ya zote. Nitachukulia mzigo wa madera 60 ya rangi tano, kila rangi 12, na bei za mfano. Wewe weka zako. Andika hivi, kwa herufi kubwa, ubandike nyuma ya simu karibu na kamera:

*"Dera moja elfu kumi na nane, mawili elfu thelathini. Kutuma Dar elfu tano, mkoani elfu nane. Ofa inafungwa leo saa tano kamili usiku."*

Isome kwa sauti. Inachukua kama sekunde kumi, pumzi moja. Ina vitu vinne tu: bei ya moja, bei ya mawili, gharama ya kutuma, na mwisho wa ofa. Ukiongeza cha tano, mtu atakisahau cha kwanza. Na ukishaiandika, usiibadilishe hata neno. Najua utajisikia unarudiarudia kama kasuku, utatamani kusema safari hii "elfu kumi na nane," safari ijayo "kumi na nane tu mpenzi," safari nyingine "ukichukua mawili unaokoa elfu sita." Usifanye hivyo kwenye sentensi hii. Aliyesikia nusu yake raundi iliyopita anataka kusikia nusu iliyobaki kwa maneno yaleyale, la sivyo anadhani bei imebadilika, na hapo ndipo unaona komenti "si ulisema thelathini?" Madoido yaweke kwenye kuelezea nguo. Ofa iwe kama namba ya simu.

Gharama ya kutuma wengi wanaificha hadi mteja afike WhatsApp. Nakusihi usiifiche. Mtu aliyejiandaa kutoa 18,000 akikuta ni 23,000 hakwambii kitu, anakaa kimya tu, na wewe unabaki na dera ulilomwekea pembeni.

Duara lenyewe linakwenda hivi. Dakika ya kwanza unakaribisha na kutaja ofa. Usiseme "ngoja watu wajae." Wale watano walioingia mapema ndio wateja wako wa kweli, waliokusubiri, na wewe unawaambia wao si watu. Unaanza na dera mkononi tayari:

*"Assalaam alaykum, karibuni. Hili mkononi ni namba moja, rangi ya damu ya mzee. Dera moja elfu kumi na nane, mawili elfu thelathini. Kutuma Dar elfu tano, mkoani elfu nane. Ofa inafungwa leo saa tano kamili usiku. Kaa hapo, nakuonyesha shingo yake."*

Dakika ya pili na ya tatu ni za nguo. Hapa unapunguza mwendo, sauti inashuka. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kulipunga dera hewani kama bendera huku anaongea haraka. Lete kitambaa karibu na kamera hadi nyuzi zionekane. Weka kiganja chako ndani ya kitambaa, mwangaza nyuma yake: kama vidole havionekani, mwambie mtu aangalie mwenyewe kwamba halihitaji gaguro. Geuza mshono wa kwapani uuonyeshe kwa ndani, kwa sababu dera linachanikia hapo. Rangi itaje kwa jina ambalo mtu anaweza kuliona akiwa amefumba macho: damu ya mzee, ugoro, kijani cha jeshi, bluu bahari, maziwa. Kamera za simu chini ya taa zinaifanya damu ya mzee ionekane nyekundu ya waridi, kwa hiyo shika karatasi nyeupe pembeni ya kitambaa na useme wazi: "kwenye simu yako linaweza kuonekana jekundu, mkononi limeiva zaidi." Sentensi hiyo moja inakuokoa na mzigo kurudishwa.

Na vipimo. "Frisaizi" haimwambii mtu chochote. Lilaze dera, vuta futi kamba mbele ya kamera:

*"Kwapa hadi kwapa inchi thelathini, ukizungusha ni sitini. Begani hadi chini inchi hamsini na nane. Mimi nina futi tano na inchi nne, nikilivaa linagusa sakafu, kwa hiyo nalikunja inchi mbili. Jipime kifua, kama kipo chini ya hamsini na tano, linakuvaa na unapumua."*

Dakika ya nne unarudia ofa, halafu unasema njia ya kununua. Hapa tuelewane jambo moja. Biashara hii ya laivu ilikua sana Uchina, soko la mtandaoni la Taobao walipoanzisha laivu yao mwaka 2016, na ule mtindo wa mtangazaji kuhesabu "tatu, mbili, moja" umetoka huko. Mtindo ule unafanya kazi kwa sababu akimaliza kuhesabu, kiungo cha bidhaa kinatokea palepale chini ya skrini, mtu anabonyeza, amelipa, anaendelea kutazama. Wewe mteja wako anatoka kwenye laivu, anapiga *150*00# au anafungua programu ya mtandao wake, anaingiza Lipa Namba, kiasi, namba ya siri, halafu anakwenda WhatsApp kutuma ujumbe. Hizo ni dakika mbili, tatu, na wengine hawarudi tena. Ukimhesabia "tatu, mbili, moja" kisha ukaruka kwenye dera jingine, umemfukuza akiwa mlangoni. Kwa hiyo njia ya kununua iseme polepole, ukiinua kidole kwa kila hatua:

*"Kununua ni hatua mbili. Ya kwanza, lipa kwenye Lipa Namba iliyobandikwa juu ya komenti. Kabla hujaweka namba ya siri simu itakuonyesha jina, hakikisha ni jina la duka langu. Ya pili, nitumie WhatsApp namba ya dera, idadi, na ulipo. Mfano: namba moja, mawili, Tabata."*

Lile agizo la kuhakikisha jina usiliache hata raundi moja. Kuna watu wanakaa kwenye laivu za wenzao, wanasubiri mteja aandike namba yake ya simu kwenye komenti, wanampigia: "mimi ni msaidizi wa duka, tuma kwenye namba hii." Mteja akiibiwa hivyo atakulaumu wewe, na ana haki. Akiandika namba yake, msaidizi wako aifute papo hapo, na wewe useme: "Dada uliyeandika namba, nimekufutia kwa usalama wako, njoo WhatsApp iliyobandikwa."

Dakika ya tano na ya sita ni za komenti. Na ya saba naiita dakika ya kulipa: huonyeshi kitu kipya, husimulii, unataja waliolipa, unataja kilichobaki, unarudia ofa, unawapa watu nafasi ya kushika simu zao.

*"Dakika hii ni ya kulipa tu. Mama wa Mbagala, imeingia, namba moja mawili yako. Dada wa Dodoma, imeingia. Namba moja yalikuwa kumi na mbili, yamebaki saba. Dera moja elfu kumi na nane, mawili elfu thelathini. Kutuma Dar elfu tano, mkoani elfu nane. Ofa inafungwa leo saa tano kamili usiku. Nanyamaza kidogo, lipeni, halafu naleta namba mbili, rangi ya ugoro."*

Ukihesabu, ofa imetajwa mara tatu kwa dakika saba: mwanzo, katikati, mwisho. Kwa hiyo anayeingia wakati wowote anasubiri dakika tatu hivi, akizidisha. Ukimya wa dakika ya saba usikutishe. Kunja dera, panga mfuko, andika jina mbele yao. Mtu akiona mfuko wa mwenzake unafungwa na kuandikwa "Dodoma," anaamini kuliko maneno yako mia.

Jambo la mwendo ambalo wengi hawalijui ni kwamba laivu inachelewa. Unachosema sasa mteja anakisikia sekunde kadhaa baadaye, akiandika jibu nalo linachelewa kurudi. Ukiuliza "nani amepata dera la Idi tayari?" ukasubiri sekunde tatu, ukaona kimya, ukasema "hamnijibu leo jamani," umewasuta watu ambao ndiyo kwanza wamelisikia swali. Kila ukiuliza, shika kitambaa na uhesabu kumi moyoni kabla ya kusoma skrini. Andika kwenye skripti yako palepale baada ya swali: *(kumi)*. Mimi yangu imejaa hizo kumi.

Komenti sasa. Kanuni ni kwamba humjibu mmoja, unawajibu wote kupitia yeye. Unasoma jina, unasoma swali kwa sauti, unajibu, unarudi kwenye dera. Usiposoma swali, wengine wanasikia jibu linaloelea: "ndiyo, linafika." Linafika wapi? Na siyo kila komenti ina haki sawa. Aliyesema amelipa anakuja kwanza, hata kama umo katikati ya sentensi. Kisha anayeuliza saizi au usafiri, kwa sababu huyo ameshaamua na kimebaki kitu kimoja. Kisha "bei?" Salamu na maua, asante kwa mkupuo mmoja: "nawaona nyote mnaonisalimia, Mwenyezi Mungu awalipe."

Komenti zenyewe unazijua, ni zilezile kila usiku. Nakuandikia majibu ninayoyatumia.

"Bei?" Usikasirike, usiseme "nimeshasema." Huyu ndiye mwenye pesa. *"Dada wa Kigamboni ameuliza bei,"* halafu sentensi ya ofa nzima. Swali lake limekupa sababu ya kuirudia bila kuchosha.

"Punguza kidogo." *"Kaka, dera moja ni kumi na nane kwa wote, aliyelipa mwanzo nisimwonee. Ukitaka unafuu chukua mawili, kila moja linakuwa elfu kumi na tano."* Na hapo unanyamaza. Ukianza kujieleza kodi ya fremu na bei ya dola, umeshaingia kwenye mapatano mbele ya watu themanini.

"Kariakoo yapo ya elfu kumi na mbili." Usikatae, maana yapo kweli, na walio kwenye laivu wanayajua. *"Yapo, na kuna wateja yanawafaa. Tazama hili,"* rudisha kiganja ndani ya kitambaa, mwangaza nyuma. *"Uzito huu ndio tofauti ya hiyo elfu sita. Ukipata la uzito huu kwa kumi na mbili, chukua."* Ukimponda jirani yako wa dukani, kesho yupo kwenye laivu yako anakuponda.

"Naogopa kutapeliwa." Hii naipenda kuliko zote, kwa sababu wengi wanaiwaza na mmoja ndiye kaisema. *"Una haki kuogopa. Ukiwa Dar, lipa elfu tano ya bodaboda tu, dera utalipa likiwa mkononi mwako. Ukiwa mkoani, ukishalipa nakutumia picha ya risiti ya basi kesho kabla ya adhuhuri, ina namba ya mzigo na jina lako. Au njoo dukani, hapa ndipo nilipo,"* na unageuza simu taratibu uonyeshe duka, bango, mlango. Kama huwezi kutimiza hayo ya kulipa likifika, usiyaseme. Sema yale unayoyaweza.

"Nitapata kabla ya Idi? Niko Tunduma." *"Mzigo wako unapanda basi kesho asubuhi. Hata mwezi ukiandama tarehe 29, litakuwa limefika na fundi amelikunja."* Usiahidi saa. Ahidi siku ya kupandisha mzigo, kwa sababu hiyo iko mikononi mwako; ya kufika iko kwa dereva.

"Nishikie, nalipa kesho." Hapa uwe na msimamo na uandike msimamo huo kabla. Wangu ni dakika kumi. *"Nakushikia dakika kumi, sasa ni saa nne na robo, mpaka saa nne na dakika ishirini na tano ni lako."* Msaidizi anaandika saa kwenye daftari. Zikipita, dera linarudi kwenye hesabu na unalitangaza. Ukishikia watu bila saa, utamaliza laivu na madera thelathini ya ahadi na mfuko mtupu.

Huyo msaidizi si anasa. Lazima awepo mmoja, hata mdogo wako wa sekondari, amekaa nje ya kamera na daftari lenye safu tano, moja kwa kila rangi, na namba 12 juu. Kila malipo yakiingia anakata kimoja, anakuonyesha kidole. Mwanzo nilijaribu kuweka hesabu kichwani. Niliuza dera moja la kijani kwa watu wawili, mmoja Morogoro, mmoja Temeke, na wote walikuwa wamelipa. Nililazimika kumrudishia wa Temeke usiku wa kuamkia Idi, hana dera na maduka yamefungwa. Hajawahi kununua kwangu tena.

Kuna jingine nililolifanya ambalo nataka ulikwepe. Dakika ya arobaini ya laivu moja oda zilikauka, nikapata hofu, nikashusha bei papo hapo kwa elfu tatu. Ziliingia oda nne. Halafu zikaingia meseji za wale kumi na mmoja waliolipa mapema, wanataka elfu tatu zao, na walikuwa sahihi. Nilirudisha zote. Tangu siku ile, kitu cha kuamsha laivu ninakiandaa kabla, na kinaongeza badala ya kushusha: labda mtandio mdogo kwa kila aliyechukua mawili. Ninautangaza raundi ya sita, na ninasema palepale kwamba *"waliolipa tangu raundi ya kwanza nao mtandio wao umo."* Waliokwishanunua wanakuwa mashahidi wako kwenye komenti, na sentensi ya ofa haijaguswa.

Na hesabu ya vilivyobaki iwe ya kweli. Ukisema yamebaki mawili yawe mawili. Ukisema bei ya kawaida ni 22,000, uwe umewahi kuliuza kwa 22,000. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, lakini hata bila sheria, tumo kwenye Ramadhani na tunauza nguo ya ibada. Saa tano ikifika, ofa ifungwe kweli. Atakayekuja saa tano na nusu mwambie bei ni ya kawaida. Atanuna, ila laivu yako ya Idi Kubwa atawahi.

Mgawanyo wa raundi nane ni huu: tano za kwanza kila moja na rangi yake. Ya sita ni ya mtandio, na rangi iliyobaki nyingi. Ya saba unavaa, au anavaa mtu mwenye mwili tofauti na wako, kwa sababu hadi hapo waliona dera kwako tu. Ya nane huonyeshi chochote: ni kutaja yaliyobaki kwa namba, kujibu, kulipisha, kuaga. Ukiona sauti imeanza kukauka raundi ya nne, kunywa maji mbele yao, hakuna ubaya. Mimi napenda ya uvuguvugu.

Siku moja kabla, washa laivu ya majaribio na simu ya pili mkononi. Angalia maandishi ya namba ulizobandika kwenye madera yasomeke, yasiwe yamegeuka kama kwenye kioo. Soma duara moja zima huku umewasha saa. Kama limefika dakika tisa, umeongeza maneno kwenye nguo. Punguza hapo, usiguse ofa wala njia ya kulipa.

Laivu yenyewe irekodi, na kesho yake ukae na daftari uitazame, kwa sababu itakwambia skripti imevunjika wapi. Hesabu "bei?" za kila raundi. Zikiwa nyingi, ofa inatajwa kwa nadra au unaitaja ukiwa umegeuza uso. Kama "nataka" zilikuwa nyingi kwenye komenti lakini WhatsApp meseji chache, njia ya kununua haikueleweka au ulikimbilia dera jingine mapema. Kama meseji zilifurika na malipo hayakuja, tafuta kwenye gharama za kutuma na kwenye woga wa utapeli. Na kama watu walipungua kila ukifika dakika ya pili, ulikuwa unaongea mno na kitambaa kiko mbali na kamera. Tatizo moja kwa laivu moja. Ukirekebisha manne kwa mpigo hutajua lipi lilisaidia.

Saa tano kamili ikigonga, ondoa komenti ya ofa uliyobandika, weka nyingine: *"Ofa imefungwa. Waliolipa, risiti za basi zinakuja kesho kabla ya adhuhuri."* Lala mapema, daku isikupite. Asubuhi ukitoka kupandisha mizigo, piga picha kila risiti ukiwa bado pale stendi, umtumie mwenyewe mmoja mmoja.